Kopo, Kalkulasi na Theluthi ya Bati

Kopo la lita moja, lenye kifuniko juu na kitako chini, linaweza kutengenezwa kwa vipimo visivyo na idadi na bado likabeba lita ileile. Likiwa jembamba litarefuka mno, na karibu bati lote litaishia ubavuni. Likiwa pana litakuwa fupi, na bati litaliwa na kifuniko na kitako. Kati ya hayo mawili kuna kipimo kimoja kinachotumia bati kidogo kuliko vingine vyote. Kukitafuta ni swali la siku nyingi katika madarasa ya hisabati: Kenya hulikuta wanafunzi wa kidato cha nne, Tanzania hulikuta wale wa kidato cha tano na sita wanaochukua hisabati ya juu.

Darasani swali hili hufundishwa kwa kalkulasi, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba hakuna njia nyingine. Ipo nyingine. Haina kalkulasi hata chembe, hutegemea habari ya wastani tu, na huielewa mtu yeyote anayejua kujumlisha na kuzidisha. Njia hizo mbili hufika mahali pamoja, lakini hazimwambii mtu mambo yaleyale, na kila moja ina mahali inapomwangusha asiyekuwa mwangalifu. Kwa hiyo yafaa kujua ni lini uishike hii na lini uishike ile.

Tuanze na hesabu yenyewe. Nusukipenyo cha kopo tukiite r, na kimo chake h, vyote kwa sentimita. Kifuniko na kitako ni duara mbili, kila moja ikiwa na eneo la πr². Ubavu ukiukata wima na kuulaza mezani unakuwa mstatili wenye urefu 2πr na upana h. Jumla ya bati basi ni

S = 2πr² + 2πrh

Ujazo V haubadiliki, nao ni πr²h. Kwa sababu hiyo h hana uhuru wake: ukishachagua r, kimo kimeshajipanga chenyewe kuwa V/(πr²). Tukikiweka mahali pa h, ubavu unakuwa 2V/r, na swali zima linabaki na kisichojulikana kimoja tu:

S = 2πr² + 2V/r

Mstari huu ndio wa kuutazama kwa makini kabla ya kushika chombo chochote. Una vipande viwili. Cha kwanza hukua r akikua, tena hukua kwa kasi, kwa kuwa r amezidishwa kwa nafsi yake. Cha pili hupungua r akikua. Vinavutana, na jibu liko pale mvutano unapotulia.

Mwenye kalkulasi huuliza swali moja: nikiongeza r kidogo sana, S itabadilika kwa kiasi gani? Kipande cha kwanza kinaongezeka kwa kadiri ya 4πr, cha pili kinapungua kwa kadiri ya 2V/r². S ikiwa chini kabisa, nyongeza na punguzo lazima vitoshane, maana kama havitoshani basi kuna upande wa kusogea na kuokoa bati. Hivyo 4πr = 2V/r², yaani r³ = V/(2π). Ukirudi kutafuta kimo utakuta h = 2r. Kopo linalotumia bati kidogo kuliko yote lina kimo kilicho sawa na kipenyo chake. Ukilitazama kwa ubavu linaonekana mraba.

Kwa lita moja, yaani sentimita za ujazo 1,000, r ni takriban sentimita 5.42 na kimo ni 10.84. Bati linalohitajika ni sentimita za mraba 553.6 hivi.

Hapa wengi huweka kalamu chini, na hapa ndipo wasahihishaji huwakata alama. Kutoshana kwa nyongeza na punguzo kunathibitisha kwamba mchoro wa S umelala bapa mahali hapo, basi. Kilele cha mlima nacho kimelala bapa. Ni lazima uonyeshe kwamba hili ni bonde. Kwa kopo letu kazi hiyo si ngumu: badiliko la mteremko wenyewe ni 4π + 4V/r³, na hilo ni chanya kwa kila r unayoweza kutengenezea kopo. Mchoro umepinda kuelekea juu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo bonde ni moja tu. Mstari mmoja wa maelezo unatosha, lakini lazima uandikwe.

Sasa tuingie njia ya pili, ambayo aghalabu huwa mkononi mwa wanaojiandaa kwa mashindano ya hisabati. Chukua namba tatu chanya, tuseme 1, 8 na 27. Wastani wake wa kawaida ni 12, yaani jumla yake, 36, gawanya kwa tatu. Kuna wastani mwingine, unaoitwa wa kijiometri: badala ya kujumlisha unazidisha, na badala ya kugawanya kwa tatu unatafuta kipeuo cha tatu. Zao la namba zetu ni 216, na kipeuo chake cha tatu ni 6. Wastani wa kawaida ni mkubwa zaidi, na si kwa bahati. Hauwezi kamwe kuwa chini ya ule wa kijiometri, na vinalingana pale tu namba zote zinapokuwa sawa. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alichapisha mwaka 1821 uthibitisho unaoshika kwa idadi yoyote ya namba.

Tafsiri yake kwetu ni hii: ukiwa na vipande vitatu ambavyo zao lake halibadiliki, jumla yake huwa ndogo kabisa vikiwa sawa kwa sawa.

Kopo letu lina vipande viwili, si vitatu. Tukizidisha 2πr² kwa 2V/r tunapata 4πVr, na r bado yumo. Zao linabadilika, kwa hiyo kanuni haishiki. Dawa ni kuukata ubavu mara mbili, nusu kwa nusu:

S = 2πr² + V/r + V/r

Sasa zidisha vyote vitatu. Kipande cha kwanza kinaleta r mara mbili juu, na kila nusu ya ubavu inaleta r moja chini. Zinafutana kabisa, na zao ni 2πV², namba isiyojali upana wa kopo. Kanuni inasema basi kwamba S haiwezi kushuka chini ya mara tatu ya kipeuo cha tatu cha 2πV². Kwa lita moja hiyo ni 553.6, ileile ya kalkulasi. Nayo hufikiwa pale tu 2πr² inapolingana na V/r, yaani r³ = V/(2π).

Tazama kilichotokea. Hatukuuliza habari ya mteremko, na hatuna haja ya kuthibitisha kama ni bonde au kilele. Kanuni imeweka sakafu chini ya makopo yote ya lita moja, membamba na mapana, kwa mpigo mmoja, kisha ikaonyesha kopo moja linaloigusa sakafu hiyo.

Lakini kukata kipande si jambo la kubahatisha, na mitego yake ni miwili. Wa kwanza humnasa anayeviacha vipande viwili kama vilivyo. Husema: jumla ni ndogo vipande vikilingana, basi 2πr² = 2V/r. Anapata r³ = V/π, na kopo lenye kimo sawa na nusukipenyo, pana kupita kiasi. Kwa lita moja r inakuwa 6.83 na bati linafika sentimita za mraba 586, karibu asilimia 6 zaidi ya jibu sahihi. Hesabu imeandikwa safi na kila mstari unaonekana una mantiki. Kosa lake ni kwamba r alibaki ndani ya zao, na sakafu inayosogea kila unaposogea si sakafu. Ukitaka kujua kama umenaswa, angalia upande wa kulia wa mstari wako: r akiwemo, hujathibitisha kitu.

Mtego wa pili ni mjanja zaidi, kwa sababu r hufutika kweli. Tuseme umekata ubavu, lakini si nusu kwa nusu: robo upande huu, robo tatu upande ule. Zao bado halina r, na kanuni inatoa sakafu ya 503 hivi. Sakafu hiyo ni ya kweli, hakuna kopo la lita moja linaloweza kushuka chini yake. Ila hakuna linaloifikia pia, maana robo na robo tatu za kitu kilekile haziwezi kulingana hata siku moja. Mwanafunzi anayejibu 503 ameahidi kopo lisilotengenezeka. Kwa hiyo kila anayetumia wastani ana deni la mstari mmoja: aonyeshe kwamba vipande vyote vinaweza kuwa sawa kwa r ileile. Mwenye kalkulasi anadaiwa mstari wa bonde, mwenye wastani anadaiwa huu.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema njia ni mbili, jibu ni moja, basi kila mtu achague anayoipenda. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ile theluthi iliyo kwenye kichwa cha makala. Rudi kwenye vipande vitatu vilivyolingana. Kimoja ni kifuniko na kitako kwa pamoja, viwili ni ubavu. Kopo bora linapeleka theluthi moja ya bati kwenye kifuniko na kitako, na theluthi mbili ubavuni. Mgawanyo huo haukutokana na π wala na lita moja. Umetokana na jambo moja tu: kipande cha kwanza kina r mbili juu, cha pili kina r moja chini. Badilisha bei, badilisha ujazo, theluthi inabaki palepale.

Ijaribu kiwandani. Duara hazikatwi hewani, hukatwa kutoka kwenye karatasi ya bati, na pembe zinazobaki ni chakavu. Kila duara ikikatwa ndani ya mraba wake, bati linalotumika kwa kifuniko na kitako si 2πr² tena, ni miraba miwili yenye upande 2r, yaani 8r². Ubavu ni mstatili, haupotezi kitu. Gharama mpya ni 8r² + 2V/r. Mwenye wastani hahitaji kuanza upya. Anajua kwamba 8r² lazima iwe nusu ya ubavu, yaani 8r² = V/r, kwa hiyo r³ = V/8. Kwa lita moja r ni sentimita 5 kamili, kimo ni 12.73, na bati ni sentimita za mraba 600: mia mbili juu na chini, mia nne ubavuni. Kopo limerefuka, na ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa kifuniko na kitako vimekuwa ghali.

Mwenye kalkulasi naye anaweza kuiona theluthi hii kama akijua pa kutazama. Achukue ule mlinganyo wake 4πr = 2V/r² na kuzidisha pande zote kwa r. Unakuwa mara mbili ya kifuniko na kitako ni sawa na ubavu. Imo humo, lakini vitabu vingi hukimbilia h = 2r na kuipita.

Mwanafizikia Clarence Zener, yuleyule ambaye jina lake limebaki kwenye daiodi ya Zener inayojulikana kwa mafundi redio, aliona mwaka 1961 kwamba hesabu nyingi za gharama za kihandisi zina umbo hili la vipande vya kuzidisha, na kwamba migawo ya gharama inaweza kupatikana kabla ya vipimo. Mwaka 1967 yeye na wenzake Richard Duffin na Elmor Peterson walitoa kitabu kizima juu ya njia hiyo, na msingi wake ni kanuni ya wastani. Humo kuna kipimo cha ugumu: hesabu vipande, toa idadi ya visivyojulikana, toa moja tena. Kopo letu lina vipande viwili na r mmoja, kwa hiyo ugumu ni sifuri, na wastani unatoa jibu papo hapo.

Ugumu ukipita sifuri, hali hubadilika. Tulirudishe kopo kiwandani, safari hii tuhesabu na mishono. Kifuniko na kitako hushikizwa kwa kukunjwa pamoja na ukingo wa ubavu, na ubavu wenyewe huunganishwa kwa mshono mmoja wima. Urefu wa mishono ya duara ni 4πr, wa wima ni h. Tuseme, kwa mfano tu, kila sentimita ya mshono inagharimu sawa na sentimita moja ya mraba ya bati. Kwa lita moja gharama yote inakuwa

8r² + 2000/r + 4πr + 1000/(πr²)

Vipande vinne, asiyejulikana mmoja, ugumu ni mbili. Kinachochekesha ni kwamba ukizidisha vyote vinne r anafutika: mbili juu, moja chini, moja juu, mbili chini. Mwenye haraka atashangilia na kutangaza sakafu ya 358. Gharama halisi ya chini kabisa ni takriban 675. Huo ni mtego wa pili, umerudi ukiwa mkubwa zaidi. Vipande hivi vinne haviwezi kulingana kwa r moja, na ili uvikate vizuri ungelazimika kujua kwanza ukubwa wa kila kimoja mahali pa jibu, yaani uwe na jibu tayari.

Hapa shika kalkulasi bila kusitasita. Mlinganyo wa mteremko ni

16r − 2000/r² + 4π − 2000/(πr³) = 0

Haufunguki vizuri kwa mkono, lakini hauhitaji kufunguka. Anza na r = 5, jibu la kopo lisilo na mishono. Upande wa kushoto unatoa 7.5 hivi, chanya, maana yake kopo bado ni pana kidogo. Mteremko wa mlinganyo huo mahali hapo ni takriban 51, kwa hiyo punguza r kwa 7.5 gawanya kwa 51, yaani karibu 0.15. Rudia mara moja zaidi na unatua kwenye 4.86. Kimo ni 13.5, na uwiano wa kimo kwa kipenyo umepanda kutoka 1.27 hadi 1.39. Mishono ya duara ni mirefu, kopo likiwa jembamba inafupika, ndiyo maana kopo limezidi kurefuka.

Chukua sasa kopo la chakula la gramu 400, la nyanya au la maharage, la kipimo kinachotumika sana: kipenyo milimita 73, kimo milimita 110. Uwiano wake ni 1.5. Kwa hesabu ya darasani, kopo hili limekosea, kwa kuwa halionekani mraba. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 336, na kifuniko na kitako vimechukua robo badala ya theluthi. Ukihesabu chakavu za miraba, sehemu ya kifuniko na kitako inapanda hadi karibu asilimia 30, jirani kabisa na theluthi, na mishono inaelekea upande uleule. Viwanda pia hupanga duara kwa kupishana ili chakavu zipungue, bati la kifuniko huweza kuwa na unene wake, na kopo lazima likae mkononi na kwenye rafu. Hesabu ya shule haikuwekewa hata kimoja kati ya hivyo.

Na hasara yenyewe ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Kopo la ujazo uleule lililopimwa kwa h = 2r lingetumia sentimita za mraba 330. Tofauti haifiki asilimia 2. Johannes Kepler aliligusa jambo hili mapema. Mwaka 1613 alinunua mvinyo huko Linz, akatilia shaka namna muuzaji alivyopima mapipa, na mwaka 1615 akachapisha kitabu kuhusu ujazo wa mapipa. Humo aliona kwamba karibu na kipimo kilicho bora, kukosea kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Mchoro umelala bapa pale chini. Hili kanuni ya wastani hailisemi kwa uwazi. Kalkulasi hulisema mara moja, kupitia lile badiliko la mteremko.

Ushauri wangu kwa aliye na mtihani mbele yake ni huu: andika gharama yote kwa r pekee, kisha hesabu vipande. Vikiwa viwili, kimoja kikipanda na kingine kikishuka, tumia wastani, kata vipande mpaka r afutike, na uandike ni lini vyote vinalingana. Vikiwa vitatu vya namna tofauti au zaidi, usipoteze dakika kutafuta mkato wa werevu. Nenda kwenye kalkulasi, na usiondoke kabla ya kuandika mstari wa bonde.